Miguu mikavu, inayowasha na yenye vidonda vigumu kupona: mwongozo kamili wa uchunguzi wa kila jioni kwa mwenye kisukari

Mgonjwa wa kisukari anapotoka kituo cha afya hapa Goma, mara nyingi huwa ameambiwa sentensi moja tu kuhusu miguu: iangalie kila siku. Wengi hutii, na bado wanarudi baada ya miezi wakiwa na kidonda ambacho wanaapa hakikuwepo jana. Si wavivu, ila hawakuonyeshwa namna ya kuangalia. Wanapaka mafuta kwanza, kisha wanatazama sehemu ya juu ya mguu ambako macho yanafika bila kuinama, halafu wanangoja maumivu yawaambie palipo na shida. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, maumivu hayo huenda yasije kabisa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa, na pia kwa binti, mwana au mjukuu atakayeshika tochi.

## Vitu vya kuandaa

- Beseni safi na maji lita 3 hivi. Kwa kuosha ngozi nzima isiyo na jeraha, maji ya tangi la mvua au ya bomba yanatosha. Maji yaliyochotwa ziwani yachemshwe kwanza.
- Sabuni ya kuogea isiyo kali. Sabuni ya kufulia huondoa mafuta machache yaliyobaki kwenye ngozi.
- Taulo au kitambaa laini cheupe, ambacho kitaonyesha tone la damu au majimaji.
- Vaselini isiyo na manukato, au krimu ya gliserini. Ikiwa faramasi ina krimu yenye yurea asilimia 10, hiyo ni bora zaidi kwa visigino vigumu.
- Kioo kidogo, au simu yenye kamera.
- Soksi za pamba nyeupe, zisizobana na zisizo na mshono mnene.
- Tupa laini ya kucha.
- Kompresi safi na plasta ya kufungia, vikae tayari ndani ya mfuko uliofungwa.
- Rula na daftari.

Viko pia vitu vya kuondoa karibu na beseni: wembe, maji ya zhaveli, na lile jiwe jeusi la volkano ambalo nyumba nyingi hapa mjini hulitumia kusugulia visigino. Jiwe hilo lina matundu yenye kingo kali. Mtu mwenye hisia kamili husimama pale linapoanza kuuma, lakini mtu mwenye ganzi huendelea kusugua mpaka ngozi hai.

## Kinachotokea ndani ya ngozi

Mambo matatu yanakutana kwenye mguu mmoja. Kwanza, sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya fahamu, pamoja na ile inayoamuru tezi za jasho. Mguu usiotoa jasho hukauka, hupata magamba, huwasha, na ngozi ya kisigino hupasuka kama udongo wa shamba wakati wa kiangazi. Sukari inapokuwa juu sana mtu hukojoa mara nyingi, mwili hupoteza maji, na ukavu huzidi.

Pili, mishipa ileile ya fahamu ikiharibika, mguu hupoteza uwezo wa kusikia joto, msumari au kokoto. Tatu, mishipa ya damu inayokwenda miguuni huwa myembamba, na chembe za damu zinazopigana na vijidudu hufanya kazi vibaya panapokuwa na sukari nyingi. Ufa mdogo ambao kwa mtu mwingine ungefunga ndani ya siku chache hubaki wazi.

Ndiyo maana kazi ya kila jioni ni kuufanyia mguu kile ambacho maumivu yangefanya. Jicho na mkono vinachukua nafasi ya hisia iliyopotea.

## Hatua ya 1: Chagua saa na mahali

Saa kumi na moja jioni ni saa nzuri, kabla giza halijaingia na baada ya mguu kumaliza safari zake za siku. Kaa karibu na mlango au dirisha, mguu mmoja ukiwa juu ya kigoda. Ukichelewa, tumia tochi ya simu na uimulike kutoka pembeni, kwa maana mwanga wa pembeni huonyesha mivimbe na nyufa ambazo mwanga wa mbele huzificha.

Ikiwa macho yako yana ukungu, au huwezi kuukunja mguu kufikia goti, usijilazimishe. Mwombe mtu wa nyumbani. Kisukari huharibu pia macho, kwa hiyo anayehitaji uchunguzi huu kuliko wote ndiye mara nyingi asiyeweza kuufanya peke yake.

## Hatua ya 2: Tazama kabla ya maji na kabla ya mafuta

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mafuta hung'arisha ngozi yote na kuficha ufa, na maji huondoa alama iliyokuwa ndani ya soksi. Anza kwa kuigeuza soksi ndani nje na kuitazama: doa la rangi ya chai, tone la damu lililokauka au unyevu wenye harufu ni habari ya kwanza ya jioni hiyo.

Kisha fuata njia moja isiyobadilika, ili usiruke mahali. Anza kisigino, nenda kwenye unyayo, kwenye nundu iliyo chini ya vidole, kati ya kila kidole na kidole, kwenye kucha, juu ya mguu, vifundo, na umalize kwenye ugoko. Kwa unyayo, weka kioo sakafuni au piga picha kwa simu uikuze. Picha ina faida moja ya ziada: unaweza kuilinganisha na ya juma lililopita.

Vitabu vingi huandika kwamba utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta badala yake sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi kuliko jirani zake, yenye rangi ya zambarau, iliyovimba na kung'aa, au ambayo mistari yake ya kawaida imepotea. Halafu tumia mgongo wa mkono wako: uguse mahali hapo, kisha uguse mahali palepale kwenye mguu wa pili. Tofauti ya joto kati ya mguu na mguu husema mengi kuliko rangi.

Utaona vitu vya aina mbalimbali, na si vyote vyenye uzito sawa.

Magamba meupe na nyufa nyembamba za kisigino ni ukavu. Hutibiwa nyumbani kwa hatua ya 4, mradi ufa hautoi damu wala majimaji.

Ngozi nyeupe, laini, iliyolowa kati ya vidole, hasa kati ya kidole cha nne na cha tano, ikiwasha na kunuka, kwa kawaida ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli asilimia 1 hupakwa kidogo mara mbili kwa siku kwa majuma 4, hata kama muwasho umekwisha juma la kwanza. Fangasi ikiachwa hufungua mlango, na vijidudu vya usaha huingia kupitia hapo.

Sugu ni ngozi nene iliyokandamizwa. Itazame kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Ukiona doa jeusi au la damu chini yake, au ikibonyea kana kwamba kuna maji ndani, huenda kidonda tayari kiko chini na sugu ni kifuniko chake tu. Usiikate. Mwuguzi aliyezoea kazi hiyo ndiye aipunguze.

Lengelenge linaweza kutokana na kiatu, moto, au kisukari chenyewe. Usilitumbue. Ngozi yake ndiyo bandeji safi kuliko zote ulizonazo. Lifunike na uende kituo cha afya kesho yake.

Madoa ya kahawia ugokoni, ya duara, yaliyodidimia kidogo, yasiyouma wala kuwasha, huwapata wengi wenye kisukari cha muda mrefu na kwa kawaida hayahitaji dawa. Nayataja kwa sababu watu huyasugua kwa krimu za kung'arisha ngozi wakidhani ni uchafu, na krimu hizo huiacha ngozi nyembamba na dhaifu zaidi.

## Hatua ya 3: Osha kwa muda mfupi, kausha kwa muda mrefu

Maji yawe ya uvuguvugu, yasizidi joto la mwili, yaani digrii 37. Usiyapime kwa mguu, maana mguu wenye ganzi utasema maji yanayochoma ni mazuri. Tumbukiza kiwiko, na ikiwa mikono yako pia ina ganzi, mwombe mtu mwingine apime. Jioni za Goma zina baridi, na majeraha mabaya sana ya moto huwapata watu waliotumbukiza miguu kwenye maji ya birika au walioinyoosha karibu na mbabula ili ipate joto. Vaa soksi mbili ikiwa unasikia baridi. Miguu ikae mbali na makaa.

Osha kwa dakika 3 hadi 5, usiloweke. Ngozi iliyolowekwa hulainika, hupasuka kwa urahisi, na ikikauka huwa kavu kuliko mwanzo.

Kisha kausha kwa kugusagusa, bila kusugua. Pitisha ncha ya taulo kati ya kila vidole viwili. Umefaulu ikiwa kitambaa kikavu ukikipitisha tena hapo hakitoki na unyevu wowote.

## Hatua ya 4: Paka mafuta mahali panapostahili

Paka ndani ya dakika chache baada ya kukausha, ngozi ikiwa bado na ubichi kidogo, kwa maana kazi ya vaselini ni kuyazuia maji yaliyomo yasitoke. Vaselini haileti maji yake yenyewe, kwa hiyo ukiipaka kwenye ngozi iliyokauka saa nzima utapata mng'ao na ukavu pamoja. Kiasi cha punje moja kubwa ya haragwe kinatosha mguu mmoja. Paka kisigino, unyayo, juu ya mguu na ugoko, kisha vaa soksi ili usiteleze sakafuni.

Kati ya vidole usipake kitu, isipokuwa dawa ya fangasi uliyoandikiwa. Pale unyevu ni adui.

Kwa kisigino kigumu, krimu ya yurea asilimia 10 mara mbili kwa siku hulainisha ngozi bila kukwangua. Baada ya majuma mawili kingo za nyufa zinapaswa kuwa zimelainika na kukaribiana. Yurea ikipakwa kwenye ufa ulio wazi huchoma na kuudhi ngozi, kwa hiyo ufa huo uufunike kwanza na kuupeleka ukaonwe.

Kuhusu muwasho: ukavu ukitibiwa hivi, muwasho wa miguu hupungua ndani ya siku chache hadi majuma mawili. Usipopungua, tafuta sababu nyingine. Muwasho unaozidi usiku, wenye vipele kati ya vidole vya mikono na kiunoni, huku watu wengine wa nyumbani nao wakijikuna, ni upele. Ugonjwa huu huenea haraka watu wanapolala wengi chumba kimoja, na mafuta hayautibu. Nyumba nzima hutibiwa siku moja. Muwasho wa mwili mzima usio na vipele unaweza kutoka kwenye figo au ini, na huo ni wa daktari. Wakati unatafuta sababu, kata kucha za mikono na uwe unabonyeza mahali panapowasha kwa kitambaa chenye ubaridi badala ya kukuna, kwa sababu vidonda vingi vya ugokoni huanza kwa ukucha wa mgonjwa mwenyewe.

## Hatua ya 5: Chunguza kiatu kama ulivyochunguza mguu

Anayetembea kwenye barabara za Goma anajua namna kokoto za lava zinavyoingia kila mahali. Ni nyepesi, zina kingo, na zikikaa ndani ya kiatu cha mtu asiyesikia, zitakaa mpaka jioni. Kila unapotaka kuvaa, kigeuze kiatu, kigongegonge, kisha ingiza mkono mpaka mbele na upapase. Tafuta kokoto, msumari uliotokeza chini, na mshono ulioinuka.

Kandambili zenye mkanda kati ya vidole hazifai. Mkanda huo huchubua mahali penye unyevu, na mguu wenye ganzi huiacha kandambili idondoke bila kujua, kisha hutembea wazi juu ya mawe. Tafuta kiatu kilichofungwa, chenye soli ngumu nje na laini ndani, na kirefu kuliko kidole chako kirefu kwa sentimita moja hivi. Kinunue jioni, mguu ukiwa umevimba kama unavyovimba kila siku. Siku ya kwanza kivae dakika 30 tu, kivue, uangalie ngozi.

Hata ndani ya nyumba usitembee pekupeku.

## Hatua ya 6: Pima hisia mara moja kwa mwezi

Kipimo hiki hakihitaji chombo. Mgonjwa avue soksi, alale, afumbe macho. Mtu wa nyumbani aguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kupapasa, kwenye ncha za kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Mgonjwa aseme kulia au kushoto kila anapoguswa. Usimwulize, “Mama, umesikia?”, kwa sababu swali lenyewe linamwambia kwamba ameguswa.

Mahali ni sita. Asiposikia pawili au zaidi, hisia imepungua, na kuanzia siku hiyo kila kidonda chake kichukuliwe kuwa kikubwa hata kama hakimuumi. Mweleze mwuguzi matokeo hayo, ili naye apime na aguse mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo.

## Ukikuta kidonda

Kidonda chochote kilicho wazi kwenye mguu wa mwenye kisukari kinahitaji kuonwa na mhudumu wa afya ndani ya saa 24, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama. Usingoje kuona kama kitapona chenyewe.

Kabla ya kwenda, nawa mikono, mwagia kidonda maji yaliyochemshwa na kupoa, kausha pembeni yake, funika kwa kompresi safi na ufunge bila kukaza. Basi. Usimwagie zhaveli, spiriti wala maji ya betri. Vyote huua chembe mpya zinazojaribu kuziba pengo. Usibandike majani yaliyopondwa, majivu au dawa ya meno.

Iko desturi moja ambayo lazima niitaje wazi, maana naiona kila mahali: kufungua kapsuli ya antibiotiki na kunyunyiza unga wake ndani ya kidonda. Unga huo haufiki kule vijidudu viliko, hufanya gamba linalofungia usaha chini, na hufundisha vijidudu kuzoea dawa. Anayetazama juu huona kidonda kimekauka, akafurahi, huku chini kinachimba kuelekea mfupa.

Nenda siku hiyohiyo, hata usiku ikiwezekana, ukiona usaha au harufu, uvimbe unaopanda, ngozi iliyogeuka nyeusi na kufa, homa au kutetemeka, au sukari iliyopanda ghafla bila sababu. Nenda pia siku hiyohiyo ikiwa mguu mzima umevimba na una joto kuliko mwenzake, hata kama hakuna jeraha lolote. Hali hiyo inaweza kuwa mifupa ya mguu inayovunjika kimyakimya kwa sababu ya ganzi, na kila hatua unayoikanyaga huuharibu umbo lake. Usiukanyagie mguu huo mpaka uonwe.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

## Mfano: kisigino cha mama muuza maharagwe

Mama mmoja mwenye miaka 58, anayeuza maharagwe katika soko la Virunga, alikuwa na visigino vikavu kwa muda mrefu. Jumamosi alivisugua kwa jiwe kama kawaida yake. Jumatatu jioni binti yake alikuta doa la kahawia kwenye soksi nyeupe. Upande wa nje wa kisigino cha kushoto ufa mmoja ulikuwa umefunguka na kuwa kidonda chenye urefu wa milimita 20 na upana wa milimita 15. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa miligramu 240 kwa desilita, ilhali kwa watu wazima wengi lengo ni kati ya 80 na 130.

Mwuguzi alisafisha kidonda, akakata kingo ngumu zilizokufa, akakuta mapigo ya mguu yapo. Hapakuwa na usaha, harufu wala joto, kwa hiyo hakumpa antibiotiki, na hilo lilikuwa sahihi: kidonda kisicho na maambukizo hakiponi haraka zaidi kwa vidonge hivyo. Dawa zake za sukari zilirekebishwa. Kompresi ilibadilishwa kila siku kwa mikono safi.

Binti alipewa kazi ya kupima kila juma kwa rula, bila kukigusa kidonda, kuzidisha urefu kwa upana na kuandika. Siku ya kwanza ilikuwa 20 mara 15, yaani 300. Baada ya majuma mawili ilikuwa 20 mara 16, yaani 320. Kompresi zilikuwa safi, sukari ilikuwa imeshuka hadi 160, na bado kidonda kilikua.

Mwuguzi aliuliza swali moja tu, kwamba siku ya mama inakwendaje. Ikajulikana kwamba anaamka, anachota maji ya tangi, anakwenda sokoni kwa miguu, anasimama mpaka alasiri. “Lakini hainiumi, binti yangu,” alisema. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mtu mwenye hisia angechechemea, angekanyagia ncha ya vidole, angekaa. Yeye alikuwa anakanyagia uzito wa mwili wake wote juu ya kidonda mara maelfu kwa siku, na kila kilichojengwa usiku kilibomolewa mchana.

Naamini hili ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote katika matibabu ya vidonda vya miguu. Watu hubadilisha dawa, hubadilisha waganga, hununua sindano za bei kubwa, na hakuna anayeuondoa mguu chini ya mzigo.

Familia ikapanga upya. Mpwa alichukua meza ya sokoni. Mama alipewa magongo mawili ya kutembelea kwa safari za chooni, akakaa mguu ukiwa juu ya kiti, na akilala mto uliwekwa chini ya shavu la mguu, ili kisigino kining'inie hewani bila kugusa godoro. Mto ukiwekwa chini ya kisigino chenyewe huongeza shinikizo, na kosa hilo hufanywa mara nyingi hata na wauguzaji wenye nia njema. Mguu wa kulia nao ulichunguzwa kila jioni, kwa sababu sasa ulikuwa unabeba kazi ya miguu miwili.

Majuma manne baada ya mpango huo kipimo kilikuwa 15 mara 10, yaani 150. Kutoka 320 hadi 150 ni kupungua kwa zaidi ya nusu, na hiyo ndiyo alama inayotafutwa: kidonda kinachotunzwa vizuri kikifika majuma 4 bila kupungua nusu, huenda kuna kitu kinakizuia, kama damu isiyofika, mfupa ulioambukizwa, au uzito ambao bado unakanyagiwa. Asiyefikia alama hiyo asiendelee na bandeji ileile kwa mwezi mwingine. Aende hospitali kubwa, apigwe picha ya mfupa na kupimwa mishipa ya damu.

Kidonda cha mama kilikaribiana kidogokidogo, sakafu yake ikiwa nyekundu kama nyama safi, bila utando wa njano, kingo zikiingia ndani kwa ngozi nyembamba ya waridi. Kikafunga kabla ya miezi mitatu kwisha.

## Baada ya kidonda kufunga

Ngozi iliyofunga bado si imara. Takriban watu 4 kati ya 10 waliopona kidonda cha mguu hupata kingine ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi mahali palepale au karibu yake. Kwa hiyo rudi kwenye kutembea taratibu: juma la kwanza ndani ya nyumba tu, ukiwa umevaa kiatu kilichofungwa, kisha ongeza umbali kidogo kila siku ukiangalia kovu jioni. Kovu likiwa la joto kuliko mahali palepale kwenye mguu wa pili, likiwa limeanza kuota sugu, au likiwa na doa jeusi, punguza kutembea siku hiyohiyo na urudi kwa mwuguzi kabla ngozi haijafunguka.

Andika kwenye daftari tarehe kidonda kilipofunga na mahali kilipokuwa. Siku utakapokwenda kituo kingine cha afya, onyesha ukurasa huo kabla ya kukaa, kwa maana aliyewahi kupata kidonda cha mguu anapaswa kuchunguzwa miguu na mhudumu kila mwezi 1 hadi 3, na mhudumu asiyeijua historia hiyo atakupa miadi ya mbali zaidi.